Mashine mpya, joto na volti: jinsi ya kusoma HWiNFO64 ujue kama kweli kuna tatizo

Wakuu, kuna swali linarudi kila wiki, mtu kaunga mashine yake mpya, vifaa kachukua Kariakoo kwa maduka matatu tofauti, kaiwasha imewaka, Windows imeingia, halafu kashusha programu ya kusoma sensa na hapo ndo usingizi unapotea. Anaona namba nyekundu, anaona sensa moja inasema digrii 115, volti ya 12 inasoma 11.3, anapiga picha anatuma, "fundi hii imeungua au?" Mara nyingi haijaungua. Ila pia kuna mashine inayosoma digrii 80 tu na kwa nje imetulia kabisa kumbe hitisinki imekaa upande. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi, unatakiwa uangalie namba inapandaje, inashukaje, na inasogea pamoja na nani. Ndo nitaenda nayo hivyo hapa, dalili moja baada ya nyingine.

Programu ninayoongelea ni HWiNFO64, ni ya bure, na ina toleo lisilohitaji kuinstoli kwa hiyo unaweza kutembea nayo kwenye flashi. Ukiifungua weka tiki kwenye `Sensors-only` halafu bonyeza `Start`, utaletewa orodha ndefu yenye safu nne, `Current`, `Minimum`, `Maximum` na `Average`. Chini kuna kialama cha saa, ukikibonyeza namba zote za chini na za juu zinaanza upya, na hicho ukibonyeze kila unapoanza jaribio jipya, la sivyo utakuwa unaogopa kilele cha jana. Ukibonyeza mara mbili kwenye mstari wowote unafunguka mchoro wa grafu, na hiyo grafu ndo kazi yetu kubwa leo. Ingia pia kwenye seti upunguze muda kati ya kusoma na kusoma kutoka milisekunde 2000 uwe 1000, vinginevyo mambo yanayotokea haraka utayakosa. Na kama una zile programu za taa za madabodi au za feni, zifunge kabisa kwanza, maana programu mbili zikisoma chipu moja kwa wakati mmoja zinagombana na zinatoa namba za ajabu.

Kabla ya yote pima joto la chumba. Saa ya ukutani yenye kipimajoto inatosha. Hili watu wanaliruka na ndo linawaharibia hesabu nzima, kwa sababu hitisinki haiwezi kupoza chini ya hewa inayoivuta. Chumba cha Dar mwezi wa pili bila AC kinakaa 31 au 32, wakati yule wa kwenye video uliyoiangalia yuko kwenye chumba cha digrii 21 au 22. Chumba kikipanda digrii 10 na prosesa inapanda kama hizo hizo 10. Kwa hiyo yeye akipata 65 na wewe ukapata 75 kwa vifaa vile vile, mko sawa kabisa. Zoea kutoa joto la chumba kwenye joto la prosesa, hicho kinachobaki ndo kazi ya hitisinki yako, na hicho ndo unaweza kulinganisha na mtu yeyote popote alipo.

Dalili ya kwanza: prosesa inagonga juu mara tu ukiibebesha mzigo

Hapa nichukue mashine moja niionyeshe yote. Ryzen 5 5600, hitisinki ya mnara yenye feni moja ya milimita 120, kasha la kioo mbele, chumba digrii 31, Sinza. Mwenyewe alilalamika kwamba feni inapiga kelele kama inataka kupaa na gemu linakwamakwama. Ikiwa imetulia ilisoma kati ya 48 na 58, na hiyo peke yake usiitie maanani, hizi Ryzen zikiwa zimekaa tu zinarukaruka kwa sababu kila kikazi kidogo cha Windows zinakikimbilia kwa spidi ya juu halafu zinatulia.

Tukafungua grafu ya `CPU (Tctl/Tdie)`, tukaweka pembeni grafu ya `CPU PPT` ambayo ni wati prosesa inazokula, tukabonyeza ile saa, tukawasha Cinebench R23, ile ya kor zote ya dakika 10. Joto likatoka 50 likaenda 88 ndani ya sekunde mbili tatu, halafu 90, halafu likanyooka hapo kama rula mpaka mwisho. Sasa 90 ndo kikomo cha hiyo prosesa, AMD wameiwekea hapo, ikifika inajipunguza spidi yenyewe isizidi. Kwenye orodha kuna mstari `Thermal Throttling (HTC)`, ukisoma `Yes` ujue imejibana kwa joto. Na kwake ulisoma `Yes`.

Lakini kilichomaliza ubishi ni wati. 5600 kwa seti za kiwandani inaruhusiwa mpaka wati 76, na kwenye Cinebench kwa kawaida inazitumia zote. Hii ilikuwa inakula kama 60 tu na kor ziko kwenye 3.8 GHz wakati 5600 iliyo nzima inakaa juu ya 4.2. Maana yake joto linaikaba kabla haijafika kwenye wati zake halali, hitisinki ya mnara inashindwa kutoa wati 60. Hiyo haiwezekani kama imekaa vizuri, hata kwa joto la Dar.

Na ule mpando wa sekunde mbili ndo wenyewe ninaotaka muushike. Hitisinki ni chuma, ni nzito, ina mabomba ya shaba na mapezi, haiwezi kujaa joto kwa sekunde mbili. Kwa hiyo joto likiruka hivyo maana yake halijafika kwenye hitisinki kabisa, limekwama kwenye ile sehemu ya kugusana, yaani pesti haijashika, au skrubu hazijakaza sawa, au nailoni ya chini haijabanduliwa. Ukishika mabomba ya hitisinki wakati prosesa inasema 90 na ukayakuta ni ya uvuguvugu tu, umepata jibu, joto liko chini halipandi. (Zima feni isikukate kidole, au gusa upande wa mbali.)

Ili tuwe na uhakika tukafungua ubavu wa kasha tukarudia. Ikabaki 90 vile vile. Hilo nalo ni jaribio la dakika chache na linakupa mengi, maana kama tatizo lingekuwa hewa ya ndani ya kasha, kufungua ubavu kungeishusha waziwazi.

Tukazima, tukachomoa waya ukutani, tukaitoa hitisinki. Pesti ilikuwa imesambaa vizuri upande wa juu wa prosesa, nyembamba, unaona mpaka bati linang'aa kwa chini, ila upande wa chini ilikuwa bado kilima kizima kama ilivyotoka kwenye bomba, haijabanwa hata kidogo. Skrubu moja ilikazwa mpaka mwisho kwanza halafu ya pili ikakataa kushika nyuzi vizuri, aliyeunga akaona imesimama akaiacha. Tukafuta kwa spiriti, tukaweka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, tukakaza raundi mbili huku raundi mbili kule, mpaka zote mbili zikagota pamoja.

Cinebench ile ile, chumba kile kile: joto likaruka mpaka 64 mwanzoni, likapanda polepole kwa dakika tatu nne, likatulia 74. Wati 76, spidi 4.2 na kitu. Toa 31 ya chumba inabaki 43, ya kawaida kabisa kwa hitisinki ya aina hiyo.

Nyongeza mbili hapa kabla hatujatoka. Usichukue hiyo 90 ukaipachika kwa kila prosesa. Core i5-12400F kikomo chake ni 100, na mstari wa kuangalia unaitwa `CPU Package` pamoja na `Core Thermal Throttling`. Ukiona `Power Limit Exceeded` inasema `Yes` kwa Intel usikimbie, hiyo ni prosesa imefika kwenye wati zake ilizopangiwa, sio kuungua. Na Ryzen 7000 zenye herufi X mwishoni, mfano 7700X, zimetengenezwa zipande mpaka 95 zikibebeshwa kor zote halafu zikae hapo zikitafuta spidi, kwa hiyo kwenye hizo usihukumu kwa joto, hukumu kwa wati na spidi inazopata zikiwa hapo.

Dalili ya pili: inaanza vizuri, baada ya nusu saa ya gemu inachemka

Hii grafu yake ni tofauti kabisa. Dakika ya kwanza prosesa 62, dakika ya kumi 70, dakika ya ishirini na tano 82, na kadi ya grafiki nayo inapanda nyuma yake, hata M.2 inapanda. Vitu vyote vinapanda pamoja taratibu. Hapo hitisinki haina kosa, hewa ya ndani ya kasha ndo inachemka, kila kitu kinavuta hewa ambayo kingine kishaitumia.

Fungua ubavu ukiwa katikati ya gemu, usizime kitu, angalia grafu. Ikianza kushuka ndani ya dakika mbili tatu na ikaenda chini digrii 8 au zaidi, tatizo ni mzunguko wa hewa. Ikishuka digrii moja mbili tu, kasha lako halina shida, rudi kwenye hitisinki.

Sababu kubwa kwa mashine za hapa mjini ni yale makasha ya kioo mbele yenye feni za taa tatu, kioo kinaziba mbele na hewa inaingilia kwenye upenyo mdogo wa pembeni. Ya pili ni feni zimefungwa kinyume, mtu anataka taa zionekane kwa hiyo anageuza, kumbe feni nyingi zinatupa hewa kule kwenye upande wenye fremu ya kushikilia mota. Chukua kipande cha tishu ukiweke karibu, kikivutwa hapo hewa inaingia, kikisukumwa inatoka. Unataka mbele iingie, nyuma na juu itoke. Feni zote sita zikitoa nje, kasha linavuta hewa kwenye matundu yoyote na vumbi lote la barabarani linaingia bila chujio.

Kwenye kadi ya grafiki kuna kitu kimoja cha pekee, hasa kwa sababu wengi wetu tunaunga mashine mpya na kadi ya mtumba. Angalia mistari miwili, `GPU Temperature` na `GPU Hot Spot Temperature`. Ya pili ni sehemu yenye joto kali kuliko zote kwenye chipu, na huwa inaizidi ya kwanza kwa digrii 10 mpaka 20 hivi. Ukikuta kadi inasema 72 halafu hotispoti ni 102, pengo la 30, pesti ya ndani imekauka au imekimbia, hata kama ile 72 inakutuliza. Hilo halitatuliwi kwa kuongeza feni za kasha, kadi inafunguliwa inapakwa upya. Ukiwa bado dukani unaijaribu kadi, hiyo ndo namba ya kuangalia kabla hujatoa hela.

Dalili ya tatu: sensa inasema 115 au inasema hasi 60

Hii ndo inayotisha watu zaidi na ndo nyepesi kuliko zote. Kwenye madabodi kuna chipu moja inayosoma joto, volti na feni, nyingi ni za Nuvoton au ITE, na ina milango ya kusomea mingi kuliko sensa zilizofungwa. Mlango usio na kitu unasoma takataka. Majina yake huwa `AUXTIN0`, `AUXTIN1`, au `Temperature 5` na kadhalika.

Jinsi ya kuujua: bebesha mzigo dakika tano, halafu tulia dakika tano. Kitu kinachochemka kwa kweli kinapanda na kinashuka. Kama imeganda kwenye 115 wakati mashine imelala na ikabaki 115 wakati inapiga kazi, au inaruka kutoka 20 kwenda 110 kwa sekunde moja na kurudi, hamna kitu pale. Bonyeza kulia uifiche, usahau. Ila usifiche kabla ya kulijaribu hilo, maana joto la `VRM`, yaani saketi za madabodi zinazoilisha prosesa umeme, nalo huwa kwenye orodha hiyo hiyo na lile ni la kweli.

Dalili ya nne: 12V inasoma chini

Hapa twende polepole kidogo. Pawa saplai inatoa njia tatu kubwa, 12, 5 na 3.3. Muongozo wa ATX, kabla ya ATX 3.0, uliruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani ile ya 12 iwe kati ya 11.40 na 12.60, ya 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Ya 12 ndo inayobeba prosesa na kadi ya grafiki kwa hiyo ndo ya kuiangalia kwa makini.

Shida ni kwamba chipu ya madabodi haiwezi kupima volti 12 moja kwa moja, inaigawanya kwanza kwa rezista halafu programu inazidisha kurudisha. Programu ikikosea kizidisho cha madabodi yako, au rezista zikiwa na utofauti kidogo, unasoma 11.3, au 10.9, na kuna wakati unasoma 1.2 kabisa. Mashine ikiwa kweli inapata volti 1.2 isingewaka, kwa hiyo unaona wazi ni namba ya uongo. Ile 11.3 ndo inayosumbua kwa sababu inafanana na ukweli.

Kwa hiyo usiangalie inasoma ngapi, angalia inashuka kiasi gani. Imetulia ilikuwa 11.33, ukiwasha mzigo wa prosesa na kadi kwa pamoja ikaenda 11.28, basi sensa imekaa chini tu, pawa saplai yenyewe haiyumbi. Imetulia 12.10, mzigo ukaja ikaanguka 11.35, hapo kuna jambo, hata kama mwanzo ilikuwa inapendeza. Kwa mzigo tumia OCCT, kwa matumizi ya nyumbani ni ya bure, ina jaribio linaitwa `Power` ambalo linabebesha vyote viwili kwa pamoja. Kaa nayo hapo, usiondoke, ukisikia harufu ya plastiki zima ukutani.

Halafu tafuta shahidi wa pili. Kadi nyingi za NVIDIA za miaka hii zina kipimo chao wenyewe, kwenye HWiNFO64 utaona `GPU PCIe +12V Input Voltage` ambayo ni ile inayopitia kwenye sloti, na `GPU 8-Pin #1 Input Voltage` ambayo ni ile ya waya. Hivyo vipimo havihusiani na chipu ya madabodi, kwa hiyo vikikubaliana naye umeshika ukweli, vikipingana naye umeshika uongo wa mmoja wao.

Mashine ya Tabata, RTX 3060, ilikuwa inazima picha katikati ya gemu halafu inarudi. Mtu alishaambiwa kadi imekufa. Ikiwa imetulia zote tatu zilisoma kama 12.1. Tukawasha OCCT: madabodi 11.95, sloti 11.93, waya wa pini 8 ukaanguka mpaka 11.2 na unaendelea kushuka taratibu. Sasa fikiria, pawa saplai ni moja, njia ya 12 ni hiyo hiyo moja, wawili wanaona 11.9 na mmoja anaona 11.2. Basi pawa saplai haina kosa na kadi pia, hizo 0.7 zinapotelea njiani kwenye huo waya.

Tukaufuata. Pawa saplai ile haikuwa na waya wake wa kadi wa pini 8, kwa hiyo aliyeunga alitumia adapta, upande mmoja pini 8 upande wa pili plagi moja ya SATA, ile ya kuchomekea diski. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imepangiwa ampea 1.5, jumla 4.5, yaani wati 54. Pini 8 za kadi zimepangiwa mpaka wati 150. Tulipoichomoa ile plagi ilikuwa imelainika, pini moja imekuwa ya kahawia, plastiki imejikunja kuizunguka. Kadi ilikuwa nzima. Tukaweka pawa saplai yenye waya wake halisi wa kadi, jaribio lile lile likasoma 11.92 kwenye waya, na picha haikukatika tena.

Kama ingekuwa zote tatu zimeanguka pamoja, hapo pawa saplai ndo mshukiwa, na unahakikisha kwa mita ya kawaida ya fundi umeme. Weka kwenye DC volti 20, tafuta plagi ya moleksi iliyobaki wazi, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu kwenye waya wa njano, hiyo ndo 12. Waya mwekundu ni 5. Kama nyaya zote ni nyeusi, mbili za katikati ni ardhi, za pembeni ndo 12 na 5. Pima imetulia, halafu pima huku OCCT inapiga. Mita ikisema 11.2 chini ya mzigo, rudisha pawa saplai dukani ukiwa na picha ya mita. Usiifungue yenyewe, kapasita za ndani zinabaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa ukutani.

Dalili ya tano: Vcore inasoma 1.45

Kwa Ryzen 3000 na 5000 hii ni kawaida na watu wanahangaika nayo bure. Mashine ikiwa imetulia `CPU Core Voltage (SVI2 TFN)` inaruka mpaka 1.4 na kidogo, kwa sababu kor moja inakimbia kwa spidi ya juu na ampea ni chache. Ukibebesha kor zote inatakiwa ishuke, ikae 1.2 mpaka 1.3 hivi. Kama imeganda 1.45 huku kor zote zinapiga kazi, ingia BIOS, kuna mtu kaweka volti kwa mkono, irudishe kwenye `Auto`. Na soma huo mstari wa SVI2, usisome `Vcore` ya chipu ya madabodi, inapishana.

Dalili ya sita: inazima ghafla na namba zote zilikuwa nzuri

Hapa tumia logi. Chini ya dirisha kuna kialama cha karatasi yenye alama ya kujumlisha, bonyeza, ipe jina, itaandika faili la CSV kila sekunde. Cheza mpaka izime. Ikiwaka fungua faili kwenye Excel uende mstari wa mwisho kabisa, uone joto na volti zilikuwa wapi sekunde ile.

Mstari wa mwisho ukiwa na joto linalopanda kuelekea kikomo, rudi dalili ya kwanza. Ukiwa na 12 inayoshuka, rudi ya nne. Angalia pia `Windows Hardware Errors (WHEA)`, mashine nzima inatakiwa isome sifuri, ikihesabu makosa rudisha ramu kwenye spidi yake ya kawaida kwa kuzima XMP, ujaribu tena.

Ukiwa mzuri kote, joto 70, volti 12.0, WHEA sifuri, halafu logi imekatika tu, programu imefika mwisho wa uwezo wake. Inasoma mara moja kwa sekunde, wakati pawa saplai inaweza kudondoka na kuzima kwa milisekunde chache, kadi ikivuta wati nyingi kwa kishindo, na sensa isione chochote. Mawimbi madogo kwenye umeme wa DC nayo haiyaoni, hayo yanataka osiloskopu. Na umeme wa ukutani haiuoni pia. Event Viewer itakuandikia Kernel-Power 41 na hiyo inasema tu mashine ilizima bila kuagwa, haisemi nani kaizima.

Kwa hiyo anza na ukuta. Je, inazima jioni tu, wakati taa za nyumba nazo zinafifia au friji inapowaka? Soma kibandiko cha pawa saplai, kama imeandikwa 200 mpaka 240 na sio 100 mpaka 240, umeme ukishuka chini ya hapo inaachia. Hamisha mashine kwa siku moja nyumba yenye umeme mzuri, au iweke nyuma ya UPS inayobeba wati zake. Ikiacha kuzima, mashine ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ikiendelea kuzima hata huko, azima pawa saplai ya mtu yenye wati za kutosha na waya wake wa kadi, rudia gemu lile lile na logi ikiwa inaandika.